Msitoke Wodini Bila Sindano ya Vitamini K

Wanangu mnaoanza kuzaa, na ninyi wajukuu zangu mnaovaa sare za ukunga kwa mara ya kwanza, leo nawausia jambo moja tu. Ipo sindano ndogo anayochomwa mtoto pajani katika saa za mwanzo za maisha yake. Haitangazwi redioni kama chanjo ya surua, haina kampeni wala fulana, na akina mama wengi ukiwauliza kama mtoto aliipata watakwambia, "Nadhani alichomwa kitu." Nimefanya kazi ya ukunga hadi nikastaafu, kwa hiyo sitazunguka. Mtoto asiyeipata anaweza kuzaliwa salama, akanyonya vizuri, akanenepa hadi majirani wakamsifu, kisha akavuja damu ndani ya kichwa katika wiki ya tano. Anayepona hapo mara nyingi hapati tena maisha aliyoandaliwa.

Sindano hiyo ni ya vitamini K. Si chanjo, wala haihusiani na kinga ya ugonjwa wa kuambukiza. Kazi yake ni kuiwezesha damu ya mtoto kuganda.

Ukijikata kisu jikoni damu hutoka, halafu hukoma yenyewe. Haikomi kwa bahati. Ini lako limetengeneza protini maalumu ambazo huzunguka katika damu zikisubiri jeraha, na jeraha likitokea zinashikamana na kuziba tundu. Nne kati ya protini hizo ini haliwezi kuzikamilisha bila vitamini K. Ini huzitoa zikiwa nusu, zinazunguka mwilini, lakini haziwezi kushika chochote. Mtu mzima hapati shida hiyo kwa sababu anakula mchicha, matembele na kisamvu, na pia ndani ya utumbo wake wapo bakteria wanaotengeneza vitamini hiyo.

Kichanga hana hata kimoja katika hivyo. Alipokuwa tumboni, kondo la nyuma lilimpitishia vitu vingi kutoka kwa mama, lakini vitamini K hupita humo kidogo mno. Amezaliwa na utumbo usio na bakteria wa kumsaidia. Na maziwa ya mama, pamoja na heri zake zote, yana vitamini K kidogo sana. Kwa hiyo upungufu huu si ugonjwa wa mtoto fulani, wala si alama kwamba mama alikula vibaya. Kila mtoto anazaliwa nao, wa tajiri na wa maskini, na katika siku chache za kwanza akiba ile ndogo aliyokuja nayo huzidi kushuka.

Hapa ndipo vijana wengi wananibishia. Wanasema, "Bibi, mbona mnatuambia maziwa ya mama yanatosha kwa kila kitu?" Maziwa ya mama endeleeni kuyatoa, na msichanganye na uji wala maji mpaka miezi sita. Lakini tufanye hesabu. Lita moja ya maziwa ya mama ina kati ya mikrogramu 1 na 4 za vitamini K. Sindano ya pajani ina miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000. Hata tukichukua maziwa yaliyo bora kabisa kwa vitamini hii, mtoto angehitaji kunyonya lita 250 ili apate kiasi kilicho katika sindano ile, na kichanga hunyonya chini ya lita moja kwa siku. Mama hata akila mchicha kutwa kucha, chakula cha kawaida hakibadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kumkinga mtoto. Sindano haishindani na titi. Inaziba pengo moja ambalo titi haliwezi kuliziba, na dawa ikishaingia kwenye msuli wa paja hutoka humo polepole, ikimlinda mtoto mpaka tumbo lake lianze kujitegemea.

Msidhani pia kwamba ni jambo lililobuniwa juzi. Mwaka 1894 daktari mmoja wa Boston, Charles Townsend, aliandika habari za watoto 50 waliovuja damu katika siku zao za mwanzo bila kuumizwa na mtu. Aliuona ugonjwa, ila chanzo chake hakukijua. Chanzo kilianza kuonekana Denmark, ambako mtafiti Henrik Dam aliwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta na kuwakuta wanavuja damu chini ya ngozi. Mwaka 1935 alitangaza kwamba kinachokosekana ni vitamini mpya, na akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Mmarekani Edward Doisy. Tangu mwaka 1961 madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kila mtoto apewe vitamini hii anapozaliwa, na leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza vivyo hivyo kwa watoto wote.

Sasa nisikilizeni kuhusu nyakati zake, maana hatari hii haiji siku moja. Ina nyakati tatu, na kwetu sisi kila wakati umeangukia pabaya.

Wakati wa kwanza ni saa 24 za mwanzo. Kuvuja kwa siku hiyo mara nyingi kunatokana na dawa alizotumia mama akiwa mjamzito. Baadhi ya dawa za kifafa, baadhi ya dawa za kifua kikuu kama rifampisini, na dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini, zote huvuruga vitamini K ya mtoto tangu yumo tumboni. Mama anayemeza dawa hizo asiziache hata siku moja kwa kumwogopea mtoto. Aitaje dawa yake kliniki, na aitaje tena anapofika kujifungua, ili mtoto apewe kinga yake bila kuchelewa na aangaliwe kwa karibu.

Wakati wa pili ni wiki ya kwanza, hasa kuanzia siku ya pili hadi ya saba. Takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani zinasema kwamba, bila kinga, kati ya watoto 60 hadi 250 mmoja atavuja damu siku ya kwanza au ndani ya wiki hiyo. Damu hutoka kitovuni, puani, kwenye choo, au pale alipochomwa sindano. Na sisi watu wa pwani wiki hiyo tuna mambo yetu. Siku ya saba mtoto ananyolewa nywele, wa kike hutogwa masikio, na wako wanaomtahiri wa kiume siku hiyo hiyo. Sikatazi mila wala sunna. Ninachosema ni kwamba mnapeleka wembe kwa mtoto katika wiki ambayo damu yake iko dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Aliyepata sindano, jeraha lake dogo litakoma. Ambaye hakupata, tone linakuwa tone jingine, kitambaa kinabadilishwa, na usiku unaingia. Na wanaowakata vichanga kimeo wajue kwamba hicho ni kidonda cha kooni, mahali ambapo damu humezwa bila mtu kuiona. Kimeo kisikatwe kabisa, awe amepata sindano au hakupata.

Muelewe pia udogo wa damu yenyewe. Mtoto wa kilo tatu ana damu ya mililita 250 hivi mwilini mwake mwote, haijazi hata chupa ndogo ya soda. Vijiko vitatu vinne vya chakula vikimwagika, karibu moja ya tano hadi robo imekwenda. Ndiyo maana mkunga hushtuka kuona nepi yenye damu ambayo bibi mwingine angeifua na kuianika.

Wakati wa tatu ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu unakuja watu wakiwa wameshatulia. Unaanzia wiki ya pili na kuendelea hadi miezi sita, na watoto wengi hupatwa kati ya wiki ya tatu na ya nane, yaani kipindi kile kile mzazi anapokaribia kutoka arobaini. Si wa kila siku. Takwimu hizo hizo za Marekani zinautaja kwa mtoto mmoja kati ya 14,000 hadi 25,000 wasio na kinga. Lakini ukimpata mtoto, karibu nusu ya mara damu inavujia kwenye ubongo. Huupata zaidi mtoto anayenyonya titi tupu ambaye hakupata sindano, na hasa yule ambaye ini lake halipitishi nyongo vizuri, maana vitamini K husafiri na mafuta na bila nyongo mafuta hayasharabiwi.

Niwaelezeni mtoto mmoja niliyemwona kwa macho yangu, maana maneno matupu hayaingii. Alikuwa wa kiume, mzaliwa wa nyumbani, kwa sababu uchungu ulimkamata mama usiku na mvua ilikuwa imekata barabara. Mkunga wa jadi alimpokea vizuri. Siku ya tatu mama alimpeleka zahanati, mtoto akachomwa chanjo ya kifua kikuu begani na kutiwa matone ya polio mdomoni. Mama akarudi nyumbani akiamini mwanawe amemaliza sindano zote za kuzaliwa. Ya pajani hakuna aliyeiuliza na hakuna aliyeitoa.

Mtoto alinyonya na kukua. Nywele zilinyolewa siku ya saba bila tatizo. Wiki ya nne, asubuhi moja, mama alikuta alama ya damu kavu puani mwa mtoto na doa kwenye kanga. Ndugu walisema ni joto. Siku chache baadaye pakatokea madoa mawili ya damu iliyovilia kifuani, ya rangi ya zambarau, na shangazi akasema labda alibanwa alipokuwa akiogeshwa. Wanangu, hapo ndipo mtoto alipokuwa akiomba msaada. Baadhi ya watoto wanaovuja damu kichwani hutanguliwa na dalili ndogo kama hizo, siku kadhaa kabla. Lau mtu mmoja angeuliza, "Huyu alipata vitamini K?" sindano moja ingetosha.

Wiki iliyofuata mtoto alianza kutapika, akalikataa titi, akawa analia kwa sauti nyembamba isiyo yake. Usiku macho yake yakageukia upande mmoja na mkono wa kulia ukaanza kurukaruka. Nyumba nzima ikasema degedege. Mnajua linavyosemwa kwetu, kwamba ni la upepo, na kwamba anayekimbilia sindano hospitalini mtoto humfia. Akafukizwa usiku kucha.

Aliletwa kwetu kesho yake mchana. Viganja vilikuwa vyeupe, amelegea, hana homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilipoweka kidole utosini, mahali panapotakiwa kuwa laini na bapa, palikuwa pametuna na kukaza. Daktari alimtoa damu mkononi, na tundu lile la sindano halikuziba. Pamba ya kwanza ililowa, ya pili ikalowa. Sehemu ya damu ile ilitiwa kwenye kichupa safi cha kioo na kuachwa mezani bila kuguswa. Damu ya mtu mzima wa afya ikikaa humo dakika 20 inakuwa imeganda, ukiinamisha kichupa haitembei. Ile ya mtoto ilitiririka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilichopitishwa juu ya utosi kilionyesha damu imejikusanya upande wa kushoto wa ubongo.

Alipewa vitamini K kwenye mshipa, polepole, na akaongezewa damu. Kabla ya jua kuzama tundu la mkononi lilikuwa kavu. Tazameni jambo hilo vizuri: damu iliyoshindwa kuganda kwa wiki tano ilirekebishwa ndani ya saa chache, kwa dawa ile ile ambayo ingewekwa pajani siku ya kuzaliwa. Lakini ubongo uliokwisha kubanwa na damu haukurudishwa na dawa hiyo. Mtoto aliishi. Upande wake wa kulia ulibaki dhaifu, na aliondoka hospitali na dawa za kifafa.

Msiseme hayo ni ya vijijini tu. Mwaka 2013 katika mji wa Nashville, Marekani, mjini penye hospitali za kila aina, watoto wanne walipatikana na ugonjwa huu ndani ya miezi michache. Watatu walivuja damu kichwani na mmoja tumboni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata sindano, kwa sababu wazazi wao waliikataa. Kule waliikataa kwa kusoma maneno kwenye simu. Huku kwetu wengine huikosa kwa kuzaliwa nyumbani, na wengine huanza kuikataa kwa simu hizo hizo. Damu haijui tofauti ya sababu.

Maneno yanayosambazwa nayafahamu, na nitayajibu. La kwanza ni kwamba sindano hii huleta saratani ya damu. Lilitoka Uingereza mwaka 1992, katika utafiti mdogo uliohisi uhusiano huo. Wataalamu hawakulipuuza. Walikwenda kulichunguza, na mwaka uliofuata Sweden ikatoa matokeo ya watoto zaidi ya milioni moja: waliochomwa sindano hawakupata saratani zaidi kuliko wengine. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuthibitisha hofu ile. La pili ni kwamba huleta manjano. Hilo lina chembe ya kweli ya zamani. Katika miaka ya 1950 ilitumika aina nyingine ya vitamini K, ya kutengenezwa, kwa vipimo vikubwa, na ilivunja damu za watoto na kuwatia manjano. Aina hiyo iliachwa. Inayotumika sasa ni vitamini K1, ile ile iliyomo kwenye majani ya mboga.

La tatu ni la wenye huruma: "Kwa nini achomwe, si apewe matone?" Matone yapo, na nchi kama Ujerumani huyatumia, miligramu 2 mara tatu: siku ya kuzaliwa, tena kati ya siku ya tatu na ya kumi, na tena kati ya wiki ya nne na ya sita. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Dozi ya tatu ikisahauliwa, mtoto anabaki wazi katika wiki zile zile za hatari. Na yule mwenye ini lisilopitisha nyongo, anayehitaji kinga kuliko wote, tumbo lake halisharabu matone vizuri. Sindano moja pajani haihitaji kukumbukwa tena wala haitegemei nyongo. Kilio chake ni cha dakika moja, na mtoto akiwekwa titini hunyamaza.

Ninyi vijana wakunga, hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu dawa njema ikishikwa vibaya huua. Mtoto akizaliwa, mkausheni, mlazeni kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, aanze kunyonya. Saa ya kwanza ni yao wawili. Baada ya saa hiyo ndipo mumchome vitamini K, miligramu 1, kwenye msuli wa paja, upande wa mbele kuelekea nje, si takoni. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati kipimo hufuata uzito, miligramu 0.4 kwa kila kilo, bila kuvuka miligramu 1.

Soma kichupa kabla ya kuvuta dawa. Kipo chenye miligramu 1 katika mililita 1, na kipo chenye miligramu 10 katika mililita hiyo hiyo. Cha pili ukivuta mililita 1 umempa mtoto mara kumi. Humo kipimo chake ni mililita 0.1 tu, na kinahitaji bomba dogo linaloonyesha vipimo hivyo vidogo. Vichupa vikae ndani ya boksi lake, maana mwanga huiharibu dawa hii.

Na kosa baya kuliko yote ni la trei. Wakati wa kuzalisha, dawa ya mama ya kukaza kizazi na dawa ya mtoto hukaa karibu, vichupa vidogo viwili vinavyofanana. Imetokea zaidi ya mara moja duniani mtoto akachomwa ergometrini ya mama badala ya vitamini K, akashikwa na degedege na kushindwa kupumua. Basi dawa ya mtoto isikae kamwe kwenye trei ya mama. Itoe kwenye boksi pale unapokwenda kuichoma, isome jina kwa sauti, mwonyeshe mwenzako, ndipo uchome. Ukimaliza, andika kwenye kadi: vitamini K, kipimo, siku na saa. Kadi isiyoandikwa ndiyo inayomfanya mama aseme, "Nadhani alichomwa kitu." Mtoto aliyezaliwa nyumbani akiletwa kwa chanjo, usichome begani na kumruhusu aende. Muulize mama kuhusu paja. Kama hakupata, bado hajachelewa, mpe siku hiyo.

Mimi sisemi sindano hii inazuia kila damu. Mtoto aliyeumia kichwa wakati wa kuzaliwa anaweza kuvuja hata baada ya kuipata. Mwenye himofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, sindano hii haiondoi upungufu wake. Na mara chache sana, mwenye nyongo iliyoziba huvuja pamoja na kwamba alichomwa. Ndiyo maana baada ya sindano macho ya mama hayafungwi. Manjano yakipita siku 14, au choo cha mtoto kikipauka na kuwa cheupe, hayo si manjano ya kuota jua asubuhi. Mpelekeni kwa daktari, ini lichunguzwe.

Na dalili za damu zishikeni hivi. Kitovu kinachotoa damu zaidi ya tone la kukatika kwake, damu puani au kwenye fizi, choo cheusi au chenye damu baada ya siku za mwanzo, doa la damu iliyovilia kwenye ngozi ambalo hakuna aliyelisababisha: kila moja ya hizo, kwa mtoto wa chini ya miezi sita, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ananyonya na kucheza. Kutapika mfululizo, kukataa titi, kulia kwa sauti nyembamba, usingizi usioamka, utosi uliotuna au degedege, hiyo ni safari ya dakika hiyo hiyo, hata saa nane za usiku. Ubani usubiri. Mkifika, sentensi ya kwanza mtakayomwambia daktari iwe kama mtoto alipata vitamini K au hakupata, maana neno hilo moja litamfupishia njia ya kuujua ugonjwa.

Basi mjamzito, weka neno hili kwenye mazungumzo yako na mkunga kabla ya uchungu, na mwambie mumeo na mama mkwe walijue, kwa sababu siku ile utakuwa umechoka huwezi kuuliza. Kabla hamjafunga mzigo kutoka wodini, fungueni kadi mtafute maandishi. Yasipokuwepo, ulizeni. Ikiwa mmezalia nyumbani, msingoje chanjo ya wiki ya sita, nendeni zahanati leo. Na wewe unayesoma huku mtoto wako ana wiki tatu na hujui kama alichomwa, chukua kadi yake sasa hivi, nenda kaulize, na asipokuwa amepata, apewe kabla hamjarudi nyumbani.